Majina mawili kwenye hati moja: mmoja akifariki, nani anabaki na nini?

Kazi yangu hapa Goma ni kutafsiri karatasi. Watu huniletea hati za Kifaransa wanazotaka kuzipeleka Nairobi au Kampala, na hati za Kiingereza zilizotoka huko ambazo nyumbani hakuna anayezielewa vizuri. Juma moja niliitwa Himbi, kwenye nyumba yenye msiba wa miezi miwili. Mezani palikuwa na bahasha kubwa ya kaki, na ndani yake hati ya nyumba ya ghorofani iliyoko Nairobi. Upande mmoja wa meza aliketi mjane, upande wa pili dada wa marehemu. Walikuwa bado wanaongea vizuri, lakini kila mmoja alikuwa ameshaambiwa na watu wake kwamba nyumba ni yake.

Habari yenyewe ni hii. Baada ya mlima Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, kaka na dada waliamua kuwa na kitu nje ya mji, mahali ambapo lava haifiki. Wakanunua nyumba ndogo ya vyumba viwili Nairobi. Tarakimu nimezibadilisha ili familia isitambulike, lakini hesabu nimeiacha kama ilivyo: bei ilikuwa shilingi milioni 8 za Kenya, kaka akatoa milioni 5, dada akatoa milioni 3. Hati ikatoka na majina yote mawili. Kaka akafariki, akaacha mke na watoto watatu.

Dada alikuwa ameambiwa na mtu aliyewahi kuishi Uingereza kwamba majina mawili yakiwa kwenye hati na mmoja akafa, anayebaki anachukua yote. Mjane naye alikuwa ameambiwa na shemeji yake kwamba mume alitoa pesa nyingi zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ni ya watoto wake. Ukweli ni kwamba hakuna kati yao aliyedanganywa moja kwa moja. Kila mmoja alipewa kanuni iliyo ya kweli mahali fulani, ila si kwa hati ile iliyokuwa mezani.

Nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, Kenya ikiwemo, zina njia mbili za watu wawili kumiliki ardhi au nyumba moja. Ya kwanza Waingereza waliiita jointi tenansi, ya pili tenansi in komon, na ndivyo utakavyozisikia kwa wakili yeyote wa Nairobi. Mimi ya kwanza nitaiita umiliki wa pamoja, na ya pili umiliki wa hisa. Kwa Kiswahili cha kila siku maneno hayo yanakaribiana sana, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea: mtu anasema "tunamiliki pamoja" akiwa na maana ya hisa, halafu karatasi inamsomea kitu kingine.

Katika umiliki wa pamoja, wenye mali ni kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Hakuna anayeweza kusema "nusu hii ni yangu," kwa sababu nusu haipo. Kila mmoja anamiliki nyumba nzima, pamoja na mwenzake. Ndiyo maana mmoja akifa hakuna sehemu inayoachwa nyuma, wala hakuna cha kurithiwa. Jina lake linafutwa na yule aliyebaki anaendelea kumiliki kile alichokuwa anamiliki tangu siku ya kwanza, yaani nyumba nzima. Hii ndiyo haki ya anayebaki. Haipiti kwenye mirathi. Hata wosia hauigusi: ukiandika kwamba sehemu yako ya nyumba hiyo iende kwa mwanao, umeandika juu ya kitu ambacho huna.

Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana sehemu yake inayohesabika, iwe nusu, theluthi au tano kwa nane. Nyumba haijakatwa kwa ukuta, na wote wana haki ya kuingia kila chumba, lakini kwenye karatasi kila mmoja ana fungu lake. Akifa, fungu hilo haliendi kwa mwenzake. Linaingia kwenye mirathi yake pamoja na gari lake, pesa zake za benki na madeni yake, na linakwenda kwa warithi wake. Yule mwenzake aliyebaki atajikuta anamiliki nyumba pamoja na mjane, au na watoto wa marehemu, watu ambao hakuwachagua.

Sasa turudi kwenye bahasha ya Himbi. Nilisoma hati mara mbili. Yalikuwepo majina mawili kamili, namba za pasipoti, namba ya nyumba, na muda wa miaka iliyobaki kwenye ardhi. (Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, hairuhusu mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja. Anapewa umiliki wa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo hata warithi wanarithi miaka iliyobaki tu, hawaanzi kuhesabu upya.) Kilichokosekana ni neno moja: hapakuwa na chochote kinachosema wale wawili wanamiliki kwa namna gani, wala sehemu ya kila mmoja.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 ina kifungu kinachojibu ukimya huo. Ni kifungu cha 91, na ndicho ningemwomba kila mtu wa Goma au Bukavu mwenye hati ya Nairobi akijue. Kinasema hati ya watu wawili au zaidi inatakiwa ionyeshe kama ni wamiliki wa pamoja au wa hisa, na sehemu ya kila mmoja. Hati isipoonyesha namna ya haki zao, inachukuliwa kwamba wanamiliki kwa hisa, na hisa hizo ni sawa kwa sawa.

Sawa kwa sawa! Mjane aliponisikia nikisema hivyo aliniomba nirudie. Mume wake alitoa milioni 5, lakini hati iliyonyamaza inamhesabia milioni 4. Dada aliyetoa milioni 3 anahesabiwa milioni 4. Kwa ukimya wa karatasi, milioni moja imehama kutoka kwa watoto kwenda kwa shangazi yao, na hakuna mtu aliyeiba. Ni dhana ya sheria, na dhana inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano karatasi za benki zinazoonyesha nani alituma nini na kwa makubaliano gani. Lakini anayepinga ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, mbele ya hakimu, kwa gharama ya wakili, katika mji ambao si wake. Na pesa nyingi za biashara ya hapa kwetu hutembea mkononi.

Niliandika hesabu nyuma ya bahasha ili wote waione. Kama ingekuwa umiliki wa pamoja, dada angebaki na milioni 8 na mjane asingepata kitu. Kama hati ingeandikwa tano kwa nane na tatu kwa nane, watoto wangekuwa na milioni 5 na dada milioni 3. Kwa hati jinsi ilivyo, ni milioni 4 kwa milioni 4. Nyumba ni moja na pesa ni zilezile. Tofauti yote inatoka kwenye mstari mmoja ambao siku ya kusaini hakuna aliyeuliza.

Dada hakukata tamaa. Aliniuliza: "Lakini kaka yangu alitaka mimi nibaki nayo. Tulisema hivyo mbele ya mama. Kama tungeandika kwamba ni ya pamoja, ingekuwa yangu?"

Jibu la swali hilo wengi hawalijui, hata baadhi ya madalali wanaouza nyumba hizo. Kifungu kilekile cha 91, sehemu ya 8, kinasema kwamba tangu sheria hiyo ianze kutumika, umiliki wa pamoja unaweza kuundwa kati ya mume na mke tu, isipokuwa mahakama ikitoa ruhusa. Watu wengine wakijiandikisha kama wamiliki wa pamoja bila ruhusa hiyo, sheria inauhesabu kuwa umiliki wa hisa. Yaani kaka na dada wangeweza kuandika neno hilo kwa herufi kubwa, wakalipigia na mhuri, na bado lisingefanya kazi. Haki ya anayebaki isingezaliwa.

Sheria hiyo ilianza Mei 2012. Mwenye hati ya zamani kuliko hapo, ambayo iliandikwa wazi kuwa ya pamoja kati ya ndugu, au kati ya baba na mwana, yuko katika hali tofauti, kwa sababu kizuizi kinahusu umiliki unaoundwa kuanzia siku ile na kuendelea. Ndiyo maana swali langu la kwanza mtu akiniletea hati ya Kenya ni tarehe. Majina ninayasoma baadaye.

Tanzania ina kanuni inayofanana na hiyo, katika kifungu cha 159 cha Sheria ya Ardhi ya 1999. Lakini usiichukue kanuni ya Nairobi ukaipeleka kila mahali panapoongea Kiingereza. Kule Uingereza kwenyewe ndugu wawili, au hata marafiki, wanaweza kuwa wamiliki wa pamoja na anayebaki akachukua yote. Yule aliyemshauri dada hakuwa mwongo. Alikuwa anaongea juu ya London.

Kwa mume na mke, basi, mlango uko wazi, na hapo umiliki wa pamoja una nguvu ambayo wanawake wengi wa kwetu wangeipenda wakiijua. Mume akifa, mke aliyeandikwa pamoja naye hahitaji kwenda mahakamani kufungua mirathi kwa ajili ya nyumba hiyo. Anapeleka kwa msajili wa ardhi cheti cha kifo na hati, na kwa kifungu cha 60 cha sheria hiyohiyo msajili anafuta jina la marehemu. Hakuna mkutano wa ukoo wa kuigawa. Hakuna shemeji wa kuja kupima vyumba. Nyumba haimo kwenye mirathi, kwa hiyo hakuna wa kuigombania kama mrithi.

Lakini nguvu hiyohiyo inakata upande wa pili, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu familia zetu nyingi zina sura hii. Mwanamume ana watoto wanne wa mke wa kwanza, ambaye alifariki au waliachana. Anaoa tena, na pamoja na mke wa pili wananunua nyumba Nairobi kwa umiliki wa pamoja. Mwanamume akitangulia, nyumba yote ni ya mke wa pili. Mke huyo naye akifa, nyumba inakwenda kwa warithi wake yeye: watoto aliowazaa, au wazazi wake kama hakuzaa. Wale wanne wa kwanza hawana hata tofali. Sheria ya Mirathi ya Kenya inawaruhusu wategemezi wa marehemu kuiomba mahakama iwatengee riziki kutoka kwenye mali yake, lakini inahesabu mali ambayo haki ya marehemu haikuisha kwa kifo chake. Haki ya mmiliki wa pamoja inaishia palepale anapokata roho. Kwa mtu mwenye watoto wa nyumba mbili, mimi naona hisa zilizoandikwa wazi ni za haki zaidi, hata kama zinamgharimu mjane safari za mahakamani. Mke wa pili atakuwa na nusu yake ambayo hakuna wa kuigusa, na nusu ya mume itawafikia na wengine.

Walio kwenye umiliki wa pamoja wanaweza kuuvunja wakiwa hai. Wanasaini wote wawili fomu ya kukubaliana kutengana, inasajiliwa, na kuanzia hapo wanakuwa wenye hisa sawa. Sharti ni wote wawili wakubali. Wala mmoja hawezi kumuuzia mtu wa nje sehemu yake kwa siri ili kuuvunja: sheria ya Kenya inasema uhamisho wa namna hiyo ni batili. Kwenye hisa pia hauuzi ovyo. Unahitaji idhini ya maandishi ya mwenzako, ingawa yeye haruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana.

Turudi kwa milioni 4 za marehemu. Ni za nani? Mjane alidhani tutafuata sheria ya Kongo, kwa kuwa mume wake alikuwa Mkongomani, aliishi Goma na amezikwa Goma. Kwa pesa zake na vyombo vyake, sheria ya makazi yake ndiyo inayoongoza. Kwa nyumba, hapana. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mirathi ya Kenya kinasema mali isiyohamishika iliyoko Kenya inarithiwa kwa sheria ya Kenya, popote marehemu alipokuwa na makazi. Sheria yetu nayo inakubaliana na hilo, kwa maana inaziacha haki juu ya mali chini ya sheria ya mahali mali ilipo.

Tofauti ya sheria hizo mbili ni kubwa, na familia hii ilikuwa na mfano wake pale pale tulipokaa. Ile nyumba ya Himbi marehemu aliijenga akiwa ameoa. Hapakuwa na chaguo jingine la mali lililoandikwa siku ya ndoa, kwa hiyo wanahesabiwa kwamba walichokipata ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Tuseme parseli na nyumba ni dola 48,000. Nusu, yaani 24,000, ni ya mjane tangu mwanzo, na hiyo harithi kwa mtu. Nusu ya pili ndiyo mirathi. Sheria ya Familia ya Kongo, ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu: dola 18,000, kila mtoto 6,000. Robo inayobaki inagawanywa kwa makundi matatu, kila kundi sehemu moja ya kumi na mbili ya mirathi: mume au mke aliyebaki, kisha baba na mama, kisha ndugu wa marehemu. Ni dola 2,000 kwa kila kundi. Pamoja na hayo, mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi. Hakuna mahali sheria ya Kongo inaposema kwamba kwa sababu jina lako liko kwenye sertifika pamoja na la mwenzako, akifa unachukua yote. Sehemu ya marehemu inashuka kwa warithi wake. Kwa lugha ya Nairobi, Kongo inajua umiliki wa hisa tu.

Kwa hiyo dada yuleyule, hapa Goma, ni mrithi mdogo wa kaka yake kwenye nyumba ya Himbi. Kule Nairobi yeye si mrithi wake hata kidogo, kwa sababu marehemu ameacha mke na watoto. Kule ana nusu yake, lakini anayo kwa kuwa aliinunua.

Nusu ya kaka, kwa sheria ya Kenya, kama hakuacha wosia, inashikwa na mjane kwa maisha yake. Anaweza kuishi humo au kula kodi yake, ila haimiliki moja kwa moja wala hawezi kuiuza anavyotaka. Akifa, inakwenda kwa watoto wote kwa usawa, wavulana na wasichana, kila mmoja wa hawa watatu akipata moja kwa sita ya nyumba nzima. (Kama marehemu angekuwa Mwislamu, fungu lake lingegawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Hata hapo hesabu inaanza baada ya kujua fungu lenyewe ni lipi, na hilo linasemwa na hati.)

Palikuwa na jambo jingine ambalo dada hakutaka kulitaja, na mjane ndiye aliyelitaja. Nyumba ilikuwa na mpangaji anayelipa shilingi 60,000 kwa mwezi. Tangu msiba, kodi yote ilikuwa inaingia kwenye simu ya dada. Alisema anaitunza, na mimi nilimwamini, maana alinionyesha salio. Lakini nilimweleza kwamba nusu ya kodi hiyo, shilingi 30,000 kila mwezi, ni mali ya mirathi, na kwamba huko Kenya, kushughulika na mali ya marehemu bila kibali cha mahakama ni kosa la jinai. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinataja faini na hadi mwaka mmoja gerezani. Aache nusu hiyo kwenye akaunti ya pembeni, asiiguse hata kwa karo ya watoto wa marehemu, mpaka msimamizi wa mirathi apatikane. Wengi wanakosea hapa wakiwa na nia njema kabisa.

Msimamizi anapatikanaje? Kwanza karatasi za huku. Mjane alikuwa na karatasi ya hospitali na kibali cha kuzika. Alidhani zinatosha. Hazitoshi. Kinachotakiwa ni cheti cha kifo kilichoandikwa na ofisi ya hali ya raia kwenye komini. Bila hicho, kule hakuna kifo. Halafu cheti hicho kinatafsiriwa kwa Kiingereza na tafsiri inathibitishwa. Cha ndoa vilevile, na vya kuzaliwa vya watoto. Jina liwe lilelile herufi kwa herufi na lile lililoko kwenye pasipoti na kwenye hati ya nyumba. Kwetu mtu ana jina la nyumbani, jina la ubatizo na jina la baba, na kila ofisi huchagua mpangilio wake. Kwenye bahasha ile jina la marehemu lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu, na kulisahihisha kulichukua muda mrefu kuliko tafsiri zote nilizofanya.

Baada ya hapo wakili anapeleka ombi mahakamani Kenya, likiwa na orodha ya walioachwa na ya mali. Mahakama inatangaza ombi hilo katika Gazeti la Serikali, na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Asipotokea mpingaji, hati ya usimamizi inatolewa. Bado haigawi kitu. Kwa kawaida ni miezi 6 kupita kabla ya kuomba ithibitishwe, na uthibitisho ndio unaotaja nani anapata nini. Ndipo msajili wa ardhi anapobadilisha jina kwenye nusu ya marehemu. Kwa mume na mke wenye umiliki wa pamoja, safari yote hiyo ingekuwa cheti kimoja cha kifo na dirisha moja. Nimewaona watu wakichagua umiliki wa pamoja kwa sababu hiyo tu, kukwepa mahakama, bila kuuliza watoto gani wanaachwa nje.

Mtu mwenye hati ya namna hii ndani ya nyumba anaweza kujikagua leo, wenzake wote wakiwa hai. Mbele ya majina angalia kama pana sehemu, kwa mfano moja kwa mbili au tano kwa nane. Zikiwepo, ni hisa, na hesabu yake ndiyo hiyo. Kama pana maneno ya umiliki wa pamoja na nyinyi si mume na mke, tazama tarehe: ikiwa ni baada ya Mei 2012, msiyategemee. Kama ni kimya, mna nusu kwa nusu hata mkiwa mlilipa tofauti, na wakati mko hai wote wawili mnaweza kusaini hati ya kurekebisha mafungu. Anayetaka ndugu yake abaki na sehemu yake, aandike wosia. Katika hisa wosia unafanya kazi, na hiyo ndiyo njia ambayo yule kaka angeitumia kama kweli alitaka dada yake abaki na nyumba. Maneno yaliyosemwa mbele ya mama yao hayakumfikisha mbali. Sheria ya Kenya inautambua wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini kwa raia wa kawaida kifo kiwe kimetokea ndani ya miezi mitatu tangu useme. Yao yalisemwa mwaka wa ununuzi.

Mara ya mwisho nilipokwenda Himbi, wakili alikuwa ameandika kutoka Nairobi. Mjane ndiye wa kwanza kwenye foleni ya kuomba usimamizi. Lakini kwa kuwa watoto wote bado ni wadogo, na nusu ile itashikwa kwa niaba yao kwa miaka mingi, sheria hairuhusu hati itolewe kwa mtu mmoja peke yake. Anatakiwa mtu wa pili wa kusaini naye. Mjane alinyamaza kidogo, akamgeukia dada wa mume wake.

"Wifi," akasema, "nani mwingine anaijua nyumba hiyo?"

Dada akaivuta ile bahasha ya kaki na kuniuliza asaini wapi. Nikamwonyesha mstari, chini ya jina la mjane, na nikamwomba aandike jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti.